"Asante" Iliyofungua Tiketi

ZUHURA: Leo naanza mimi, Musa. Wiki hii nimefokewa na mteja, na mteja alikuwa na haki.

MUSA: Na mara hii mimi simo.

ZUHURA: Umo kidogo. Nani alinicheka wiki iliyopita kuhusu tiketi zangu, yaani yale maombi ya wateja tunayoyafunga tukishayashughulikia, zilizofunguka tena?

MUSA: Asilimia 12! Nilicheka kwa heshima.

ZUHURA: Basi hicho kicheko kilinikaa rohoni. Tulifunga tiketi 400, zikafunguka tena 48. Jumatatu nikakaa nikazisoma zote 48, moja baada ya nyingine. Kumi na tisa zilikuwa "asante".

MUSA: Neno hilo tu?

ZUHURA: "Asante." "Asante sana." "Asante dada, ubarikiwe." Mfumo wenyewe haujui adabu. Ukiona mteja ameandika chochote kwenye tiketi iliyofungwa, unaifungua. Mhudumu anaifunga tena, na kwenye ripoti anahesabiwa kama aliyeshindwa kazi. Yaani kadiri unavyomhudumia mtu vizuri ndivyo anavyokuharibia takwimu.

MUSA: Na zile nyingine?

ZUHURA: Nne ni majibu yanayojituma yenyewe, "niko likizo hadi Jumatatu". Nane, mteja amefufua mazungumzo ya zamani kuuliza jambo jipya kabisa. Zilizobaki, 17, ndizo ambazo tatizo halikwisha.

MUSA: Kumi na saba kwa 400, asilimia nne na ushee. Hapo umeeleweka, asante.

ZUHURA: Imefunguka.

MUSA: Nini?

ZUHURA: Tiketi yako. Umesema asante, imefunguka. Nitazihesabu leo, hiyo ya kwanza.

MUSA: Haya. Endelea, ulifanya nini?

ZUHURA: Jumanne nikaweka kanuni kwenye mfumo: jibu la mteja likianza na "asante" na likiwa na maneno yasiyozidi manne, tiketi ibaki imefungwa. Jumatano dashibodi imetulia, mstari umeshuka, meneja ananiandikia "kazi nzuri".

MUSA: Ukamjibu asante.

ZUHURA: Ya pili! Ijumaa asubuhi simu. Mama mmoja, sauti iko juu, anauliza kwa nini tumemnyamazia siku mbili. Nafungua tiketi yake. Tulimtumia kiungo cha kubadilisha nywila Jumatano, na siku hiyohiyo alijibu. Nakusomea: "Asante, bado haifungui."

MUSA: Maneno matatu.

ZUHURA: Maneno matatu, yameanza na asante. Kanuni yangu ikamfungia mlango. Na kinachoniuma zaidi, kwenye ripoti alikuwa amehesabiwa kwenye zile zilizotatuliwa mara ya kwanza. Jibu moja, imefungwa, haikufunguka. Alikuwa mfano wetu bora wa wiki.

MUSA: Ndiyo maana mimi nasema usiziguse. Ziache zote zifunguke, na asante zake humo humo.

ZUHURA: Halafu wahudumu wangu waonekane wabovu?

MUSA: Wabovu kwa nani? Ukiwa na asante 19 wiki hii na 20 wiki ijayo, hiyo ni kelele ya kila siku, kila mtu anaizoea. Ikipanda ghafla ndipo unauliza. Ukishaanza kuchuja, hujui tena kama namba imeshuka kwa sababu kazi imekuwa nzuri au kwa sababu chujio limebana.

ZUHURA: Kelele hiyo haitulii, Musa. Asante haziji kwa usawa. Mhudumu mpole anazipata tano, mkavu hapati hata moja. Nikimpima kila mmoja kwa tiketi zilizofunguka tena, nitamwadhibu mpole.

MUSA: Basi usimpime mtu mmoja mmoja kwa namba hiyo.

ZUHURA: Meneja anataka mtu mmoja mmoja.

MUSA: Hilo ni la meneja, si la mfumo.

ZUHURA: Unasema hivyo kwa sababu ripoti yako haiombwi na mtu. Mimi kanuni nimeifuta, hilo nakubali. Sasa tiketi ifunguke, lakini mhudumu akiifunga tena achague sababu: shukrani, swali jipya, au tatizo halikwisha. Kwenye ripoti nahesabu hizo za mwisho peke yake.

MUSA: Mhudumu mwenyewe anachagua sababu inayomhukumu? Kwa wiki nne utaona shukrani zimejaa. Dunia nzima itakuwa inashukuru.

ZUHURA: Nachukua kumi kila Ijumaa nazisoma mwenyewe.

MUSA: Wiki ya kwanza utasoma kumi. Ya sita utasoma vichwa vya habari.

ZUHURA: Umenijua jana wewe?

MUSA: Nimekujua miaka, ndiyo maana nasema. Haya, niulize lingine. Ripoti unaikata lini?

ZUHURA: Ijumaa saa kumi na moja jioni.

MUSA: Na tiketi iliyofungwa Ijumaa saa kumi, mteja wake atarudi lini kusema haijakaa sawa?

ZUHURA: Jumatatu. Najua unakoelekea, na hilo nimeshalipima. Wiki ile ile ya tiketi 400, jioni ya Ijumaa ripoti ilisema 300 zimetatuliwa mara ya kwanza, asilimia 75. Nikasubiri siku saba nikarudi kuhesabu. Katika zile 17 ambazo tatizo halikwisha, 16 zilikuwa ndani ya hizo 300. Zinabaki 284.

MUSA: Asilimia 71.

ZUHURA: Na tisa kati ya hizo 17 zilifungwa Ijumaa yenyewe. Ukizisoma unamsikia mtu anayekimbiza saa: "Tafadhali jaribu tena, ukikwama tujulishe." Imefungwa. Hiyo siyo kutatua, ni kusukuma kwenda Jumatatu.

MUSA: Na Jumatatu inahesabiwa kwenye wiki mpya. Ijumaa imepata sifa, Jumatatu imebeba lawama.

ZUHURA: Ndiyo maana sasa kila tiketi iliyofunguka tena naihesabu kwenye wiki iliyofungwa mara ya kwanza, si wiki iliyorudi. Ripoti ya utatuzi wa mara ya kwanza inachelewa wiki moja. Meneja hajapenda.

MUSA: Hapo niko nawe mia kwa mia. Asante kwa...

ZUHURA: Ya tatu!

MUSA: Sijamaliza sentensi!

ZUHURA: Mfumo hausubiri umalize. Tena hii ni ile ya hatari, "asante kwa" halafu hujui nini kinafuata.

MUSA: Ndivyo ninavyokwambia tangu mwanzo! Hujui kinachofuata, kwa hiyo iache ifunguke mtu aisome.

ZUHURA: Inafunguka, Musa. Inasomwa. Tunachobishania ni kama ihesabiwe.

MUSA: Ihesabiwe.

ZUHURA: Isihesabiwe.

MUSA: Na yule aliyechoka, akaacha tiketi ya zamani akafungua mpya? Huyo kwenye tiketi zako zilizofunguka tena hayumo kabisa. Anaonekana kama wateja wawili waliohudumiwa vizuri.

ZUHURA: Huyo unamtafuta kwa namba yake au barua pepe yake: amerudi ndani ya siku saba kwa jambo lile lile? Nilikuwa nimemwandaa, ni pointi ya kwanza kati ya tatu za leo.

MUSA: Zuhura, fundi wa studio anatuonyesha zimebaki dakika mbili.

ZUHURA: Mbili? Tumezungumza asante muda wote huu?

MUSA: Soma basi hiyo ya kwanza.

ZUHURA: Ya kwanza inataka niwaonyeshe jedwali, haisemeki kwa mdomo. Ya pili inategemea ya kwanza.

MUSA: Ya tatu?

ZUHURA: Ya tatu ilikuwa kukubembeleza ukubali kuhusu asante.

MUSA: Hiyo iache imefungwa.