"Kuna" na "hakuna" katika barua pepe za Kiingereza kazini

Ndugu zangu, karibuni. Leo nitakaa juu ya neno moja, "kuna", pamoja na kanushi lake "hakuna". Kila wiki wengi wetu huandika barua pepe ya Kiingereza kueleza kazi imefika wapi, na karibu kila taarifa ya namna hiyo ina kitu cha kusema kwamba kipo au hakipo: bajeti, tatizo, ucheleweshaji, mkutano. Hapo ndipo sentensi zetu huteleza, na huteleza kwa namna ambayo kompyuta haiioni.

Tuanze na barua yenyewe. Nimeitunga kwa ajili ya leo, lakini kila sentensi iliyomo mmewahi kuiona.

```
The login page is finished and is with the testers.
It has a problem with the server.
Is no budget for a second server.
There is three tests remaining.
On Thursday it will have a meeting with the supplier.
```

Aliyeandika alitaka kusema hivi: ukurasa wa kuingilia umekamilika, uko kwa wanaoujaribu. Kuna tatizo kwenye seva wanayoitumia. Hakuna bajeti ya seva ya pili. Kuna majaribio matatu yaliyobaki. Alhamisi kutakuwa na mkutano na msambazaji.

Sasa kaeni kwenye kiti cha meneja anayeisoma. Sentensi ya pili inaanza na "It". Neno hilo humrudisha msomaji nyuma kutafuta kitu kilichotajwa, na kilichotajwa mwanzoni mwa sentensi iliyopita ni ukurasa wa kuingilia. Kwa hiyo anasoma: ukurasa una tatizo, haupatani na seva. Anawaita walioutengeneza na kuwaambia waache kazi nyingine watafute kosa kwenye programu yao. Wanatafuta kosa ambalo halipo, kwa sababu ukurasa ni mzima na kinachosumbua ni seva ya wanaojaribu.

Angalieni vizuri: "It has a problem with the server" ni Kiingereza sahihi kabisa. Programu ya kukagua tahajia haitaipigia mstari mwekundu, na mwenzako ukimwonyesha sentensi hiyo peke yake ataipitisha. Kosa liko kati ya sentensi na kile ulichokusudia. Ndiyo maana naliona kuwa baya kuliko "Is no budget", ambalo linaonekana wazi. "Is no budget" humfanya msomaji asite, aone neno limedondoka, kisha aelewe. "It has a problem" humpeleka kwingine huku akiamini ameelewa.

Yanatoka wapi haya? Mzizi ni mmoja, lakini njia ni mbili.

Likate neno "kuna". Unapata KU na NA. NA ni ile ile ya "nina", "ana", "ina". KU ni kiambishi cha mahali, ndugu wa PA na MU, ndiyo maana tuna "pana" na "mna" pia. Kwa hiyo Kiswahili kinaposema "mezani kuna faili", kwa muundo wake kinasema mahali pale pana kitu. Sasa mwandishi anavuka kwenda Kiingereza. NA anaijua: ni "have" au "has". KU je? Kiingereza hakina kiambishi cha mahali kinachoweza kuwa kiima. Anahitaji kitu cha kukaa mbele ya "has", na kilicho karibu ni "it". Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na inazaa "It has a problem", "It has a delay", "It will have a meeting". Wengine huacha mahali pawe kiima kama ilivyo kwetu, wakaandika "In the report has two errors", yaani "kwenye ripoti kuna makosa mawili" neno kwa neno.

Njia ya pili ni ya mtu anayejua kwamba hapa Kiingereza hutumia "is" na si "has". Hilo amelipata. Lakini "hakuna" kwetu ni neno moja, na kiima kimo ndani yake, kimeshikana na kitenzi. Haoni kwamba kuna nafasi ya kujaza mbele. Anaandika "Is no budget", kama anavyoandika "Hakuna bajeti". Kiingereza hakikubali. Sentensi yake ya taarifa lazima iwe na kiima kinachosimama peke yake, hata pale ambapo hakuna cha kutaja. Kazi hiyo wamempa "there". Katika "There is no budget", neno "there" halionyeshi mahali popote. Linashika tu nafasi ya kiima ili kitu kipya kiletwe baada ya kitenzi.

Sasa nawapa jaribio ninalolitegemea. Kabla hujatuma barua, tafuta kila "it has" na "it will have". Irudishe sentensi kwenye Kiswahili na usikilize kiambishi. Ukipata "ina", "una", "lina" au "kina", na unaweza kukigusa kwa kidole kitu chenyewe hapo juu, iache. "The server is back, but it has a memory problem": seva imerudi, lakini ina tatizo la kumbukumbu. Seva ile pale, imetajwa, sentensi ni nzima. Lakini ukipata "kuna" au "kutakuwa na", toa "it has" uweke "there is", toa "it will have" uweke "there will be". Kwa ile "Is no" tafuta sentensi zinazoanza na "Is" au "Are" bila alama ya kuuliza mwishoni.

Jaribio lina mpaka wake. Kuna "kuna" chache ambazo Kiingereza huzichukulia "it is". "Kuna joto kwenye chumba cha seva" huwa "It is hot in the server room", kwa sababu "hot" ni kivumishi. Kinachofuata "there is" ni jina la kitu. Kwa hiyo uliza: baada ya kitenzi nina jina au nina sifa? Jina, "there". Sifa ya hali ya hewa au ya mahali, "it".

Tukirudi kwenye barua, sentensi ya nne ni "There is three tests remaining". "Kuna" haibadiliki: kuna jaribio, kuna majaribio. Kwa Kiingereza kitenzi hutazama mbele, kwenye jina linalokuja: "There is one test", "There are three tests". Mtasema mbona wenyewe wanasema "There's three". Kweli, katika mazungumzo wengi husema hivyo, na ukisema hivyo mkutanoni hakuna atakayeshtuka. Kwenye maandishi ya kazi andika "There are three".

Hapa kuna shimo ambalo ni letu hasa. Kiswahili kina majina ya ngeli ya MA ambayo kwa umbo ni wingi, na mwenzake wa Kiingereza hahesabiki. Maendeleo ni "progress". Maoni ni "feedback". Masikio yetu yanasikia wingi, mkono unaandika "There are progress on the report", au mbaya zaidi "There are many feedbacks". Andika "There is some progress on the report" na "There is a lot of feedback". Taarifa na vifaa si majina ya ngeli hiyo, lakini nayo yamo kwenye shimo hilo hilo: "There is new information", "There is enough equipment". Ukitaka kuhesabu, tafuta kitu kinachohesabika: "There are three comments from the client".

Nisiwapite na "There is no any budget". Inatoka moja kwa moja kwenye "hakuna bajeti yoyote", na imeenea mno. Ndani ya "no" tayari mna "any", hivyo chagua moja: "There is no budget", au "There isn't any budget". Ukitaka kutia mkazo, sema "There is no budget at all".

Lingine lenye madhara ya kweli ni "The budget is not there". Kiswahili kina "hakuna bajeti" na pia "bajeti haipo", na sisi huzitumia karibu kwa maana moja. Kwa Kiingereza zinaachana. Katika "The budget is not there", neno "there" ni mahali halisi, na "the" inadai kwamba bajeti hiyo inajulikana. Msomaji anaelewa kuwa hati ya bajeti haionekani pale ilipowekwa. Atakujibu, kwa nia njema kabisa, "I have uploaded it again", nawe ulikuwa unamwambia hakuna fedha. Ndugu yake ni "The issues which are there are two", kutoka "matatizo yaliyopo ni mawili". Igeuze: "There are two issues".

Kuhusu wakati, moja tu: "There has a delay". Mwandishi ameanza vizuri na "there", kisha ile NA ikamrudisha kwenye "has". Kama ucheleweshaji ulianza na bado unaendelea kuathiri kazi, ni "There has been a delay". "Been" isidondoke.

Basi barua yetu ingekwenda hivi:

```
The login page is finished and is with the testers.
There is a problem with the server they are using.
There is no budget for a second server.
There are three tests remaining.
On Thursday there will be a meeting with the supplier.
```

Oneni sentensi ya pili. Sikuishia kuweka "There is" tu, nimeongeza "they are using", kwa sababu seva ni nyingi na meneja lazima ajue ni ipi.

Swali nililoulizwa pale mlangoni lilihusu majibu mafupi. Meneja anaandika "Is there any risk to the date?" nawe unajibu "Yes, it is". Kwetu jibu ni "ndiyo, ipo", na hiyo "ipo" ndiyo inayomleta "it". Jibu hurudia neno lililoulizwa: "Yes, there is". Akiuliza "Are there any other issues?", ni "No, there aren't". Na kama hatari ipo, usiishie kwenye jibu hilo. Endelea mstari huo huo: "Yes, there is. The supplier may deliver two days late."