DisplayPort au HDMI? Kwa nini monita yako ya 165 Hz inagoma kwenye 144

Haya wadau, leo tunalimaliza hili swali: boksi la monita limeandikwa 165 Hz, umechomeka vizuri tu, ukifungua setingi namba ya juu kabisa ni 144. Monita nzima na wala hujapigwa dukani, shida ni tundu ulilochomekea.

Hii hapa ni inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, 165 Hz. Naigeuza nyuma... ngoja nisogeze taa, hapo hamuoni kitu... sawa. Hili tundu ambalo pembe zote mbili za chini zimekatwa ni HDMI, hili lenye pembe moja tu iliyokatwa ni DisplayPort. Sasa fungua kitabu cha monita uangalie ni toleo gani, maana kwenye tundu lenyewe mara nyingi hawaandiki. Yangu ni HDMI 2.0 na DisplayPort 1.4, na hapo ndipo mchezo ulipo.

Piga hesabu na mimi. Kila pikseli inabeba biti 24 za rangi. 2560 mara 1440 mara 24 mara 165, unapata kama gigabiti 14.6 kwa sekunde. HDMI 2.0 inatangazwa gigabiti 18, lakini sehemu ya hizo inaliwa na usimbaji, zinazobaki kubeba picha ni 14.4. Umeona? Imezidi kidogo tu, ila imezidi, na bado hatujaweka ile nafasi ya ziada kati ya picha na picha. Ukishusha hadi 144 Hz inakuwa kama 12.7, ukiongeza na hiyo nafasi inaingia kwa kubanana. Ndiyo maana inaishia 144. DisplayPort 1.4 inabeba karibu 25.9, yaani 165 inapita na nafasi inabaki.

Kwa hiyo kwa monita hii, DisplayPort, sina maneno mawili. Na ukinunua HDMI ya bei mbaya iliyoandikwa 8K bado utabaki na 144 yako, kwa sababu kikomo kinawekwa na tundu la monita, waya hauwezi kuliongezea kitu.

Kuchomeka hakuna cha kueleza, ila chomeka kwenye kadi ya grafiksi, usichomeke kwenye mazabodi huku juu.

Sasa kuchomoa, hapa naomba utulie. Plagi nyingi za DisplayPort zina vindoano viwili, hivi hapa, nasogeza kamera... mmeviona? Vinang'ata ndani ya tundu. Bonyeza hiki kitufe MPAKA MWISHO, shikilia, ndiyo uvute moja kwa moja. Usivute kabla hujabonyeza. Ikigoma, irudishe ndani kidogo, bonyeza tena, vuta. Narudia tena, usivute kwa nguvu, unaweza kung'oa tundu kwenye kadi, na kadi ndiyo kitu cha gharama kuliko vyote hapa mezani. Mimi napenda plagi yenye kitufe kipana, kidole kinakifikia hata nyuma ya kesi kwenye giza.

Tunawasha... mbona kiza? Aa, monita bado inasubiri HDMI. Kitufe cha hapa chini, menyu ya chanzo, chagua DisplayPort. Hiyo imekuja.

Bado hujamaliza, Windows inaweza kukuacha kwenye 60 wala isikwambie. Ingia `Settings`, `System`, `Display`, `Advanced display`, halafu pale `Choose a refresh rate` weka 165. Mnaiona? Sogezeni mausi muone inavyoteleza, raha sana jamani.

Cheza gemu nusu saa hivi. Skrini ikizima sekunde moja na kurudi, au vidoti vikiwakawaka, shusha hadi 120. Ikitulia, mshuku waya kwanza: chukua mwingine mfupi, mita 2 au chini, wenye lebo ya DP8K, halafu rudisha 165.

Kuna watu nawaambia wabaki na HDMI. Kama monita na kadi zote zina HDMI 2.1 kamili, uwezo wake unafika gigabiti 48, na kwa 4K ya 144 Hz hiyo inapita bila kubana picha, wakati DisplayPort 1.4 inalazimika kuibana kwa DSC. Hapo tafuta waya wenye lebo ya Ultra High Speed, ile ya kuskani kwa simu. Ila soma kitabu kwanza, kuna monita zimeandikwa 2.1 na kasi yake ni ileile ya 2.0. Angalia mstari wa Hz za HDMI, ndio unaosema kweli. Ukikwama, weka modeli ya monita na ya kadi kwenye komenti nikupigie hesabu.