Kusoma wasifu wa mshauri wa kodi: ritani, TRA na Tally

Habari za asubuhi, ndugu zangu wa utumishi. Hapa nina tangazo la kazi nililolitunga kwa ajili ya leo, ila mmeshaona mengi yanayofanana nalo. Kampuni ya Dar es Salaam inayoagiza vipuri vya magari inatafuta mshauri wa kodi. Ajue ritani za VAT, kodi ya zuio na ritani ya mwaka ya kampuni. Awe ameshughulikia pingamizi TRA. Na ajue programu ya uhasibu ya Tally. Mwombaji wa kwanza ameandika: “Nimewasilisha ritani zote za kodi kwa wateja 30.”

Mimi hilo neno “zote” hunishtua. Ritani ya PAYE, kama orodha ya mishahara imenyooka, haimsumbui mtu. VAT nayo ni ya kila mwezi, mwisho wake tarehe 20 ya mwezi unaofuata, lakini kwa muuza vipuri ni kazi nzito. Mauzo ya ripoti za Z, zile za jumla ya siku kutoka mashine ya risiti ya EFD, lazima yakubaliane na leja. VAT iliyolipwa bandarini hudaiwa kwa hati ya forodha, ile TANSAD, ikiwa na TIN ya kampuni yenyewe. Ankara ya muuzaji wa ng'ambo haitoshi. Sasa tazama wale wateja 30: karibu wote ni migahawa. Huyu bwana inawezekana hajawahi kushika TANSAD.

Mwombaji wa pili ana wateja 4 tu, ila wawili ni waagizaji, na ameandika kwamba kila mwezi alilinganisha VAT ya forodha na leja. Kwenye kodi ya zuio ametenganisha malipo ya huduma kwa wakazi, asilimia 5, na kwa wasio wakazi, asilimia 15. Aliyeandika hivyo amekaa na ankara zenyewe. Kuhusu ritani ya mwaka amesema aliandaa jedwali la kugeuza faida ya vitabu kuwa mapato yanayotozwa kodi, kisha mhasibu mwenye CPA akaithibitisha. Hajajipa kazi isiyo yake.

Tuje TRA, na hapa naomba tutulie kidogo. Mwombaji wa kwanza anasema ana “uhusiano mzuri na maofisa wa TRA”. Kufahamiana na watu wa kaunta si uzoefu, na akiutaja kama sifa kuu mimi naingiwa na wasiwasi. Tunachotafuta ni mtu aliyepokea barua ya makadirio akaijibu.

Chukua mfano. TRA imekadiria kampuni shilingi milioni 90 baada ya ukaguzi. Kampuni inakubali milioni 20, nyingine inazipinga. Pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio, na halipokelewi bure: unalipa kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Theluthi ya 90 ni 30, kwa hiyo unalipa milioni 30, siyo 20. Kama ungekubali milioni 40, ungelipa 40. Kamishna anaweza kuombwa apunguze au asamehe amana hiyo kwa sababu maalumu.

Mpe mwombaji hesabu hiyo kwenye usaili, bila kumtajia kanuni. Aliyewahi kuandika pingamizi atakuuliza kwanza barua ilipokelewa lini. Aliyepeleka barua tu, akarudi na nakala iliyogongwa muhuri, ataanza kuzungumzia mazungumzo na ofisa. Kupeleka barua ni kazi halali, lakini tangazo letu halikuomba hiyo. Muulize pia makadirio yalianzia ngapi yakaishia ngapi, na hoja gani iliyapunguza. Asitaje jina la mteja. Akilitaja, jiulize atasema nini kuhusu ninyi huko aendako.

Kingine, tazama miaka. Sheria ya Fedha hubadilisha viwango karibu kila Julai. Kiwango cha SDL, kwa mfano, kilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023. Aliyeacha kuwasilisha ritani mwaka 2019 atahitaji muda wa kujifunza upya, hata kama wasifu wake unang'aa.

Tally nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana ndiyo inayofundishika haraka kuliko yote. Mwombaji wa pili ametaja QuickBooks na Excel, na wengine mngemwondoa hapo hapo. Msimwondoe. Muulizeni alivyopanga akaunti za VAT ya mauzo na VAT ya manunuzi, na alivyotafuta tofauti pale leja ilipokataa kulingana na ritani iliyokwisha kuingizwa kwenye mfumo wa TRA. Akilieleza hilo vizuri, menyu za Tally atazizoea kazini. Wa kwanza ameorodhesha programu 7. Ningemwita wa pili, na wa kwanza ningemweka akiba kwa ajili ya mteja mwenye migahawa.