Msimamizi mpya wa ghala la korosho: siku 90 za kwanza anazipitaje (mazungumzo niliyoyatoa Mtwara, nimeyaandika kama nilivyoongea)

Asalaam aleikum, habari za asubuhi, shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele. Nawaona wa Tandahimba mmefika, wa Newala, na kuna ndugu zangu wa Lindi na Ruangwa pale nyuma, karibuni sana. Nimeambiwa niongee saa moja lakini mnanijua, mkiniona nimezidisha nionyesheni saa.

Mimi nimeingia ghalani miaka michache baada ya stakabadhi ghalani kuanza huku kwenye korosho, si mnakumbuka ule mwaka 2007. Nilianza mizani. Siku moja meneja akaniita akanipa funguo na daftari akaniambia kuanzia leo wewe ndo msimamizi wa timu ya mapokezi, akapanda pikipiki akaenda zake. Ndo mafunzo yangu yote hayo. Msimu ule tulifunga na magunia 14 hayaonekani, hayajaibiwa, yalikuwepo kwenye daftari tu hayajawahi kuwepo ghalani, nami hadi leo sijui yaliingia kwenye hesabu siku gani. Nililia mjomba, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa leo naongea na nyie mameneja zaidi kuliko na wasimamizi wenyewe, kwa sababu mpango wa siku 90 ni kazi ya anayemteua mtu, siyo ya aliyeteuliwa. Na nitatumia mfano mmoja tu, dada mmoja niliyemlea mwenyewe, jina lake simtaji maana yupo kazini na hapendi.

Alikuwa karani wa mapokezi, mzuri kweli, mwandiko kama umechapwa. Tukamteua tarehe 1 Agosti. Kwa nini Agosti na siyo Oktoba? Kwa sababu tulihesabu kurudi nyuma kuanzia fuso la kwanza. Msimu wetu huku magari yanaanza kuingia Oktoba, kwahiyo Agosti ghala tupu, Septemba ghala linaandaliwa, Oktoba moto umewaka. Yaani mwezi wa kwanza wa kujua, wa pili wa kufanyia mazoezi, wa tatu wa kweli. Ukimteua mtu tarehe 5 Oktoba huyo siku 90 zake zimeshaliwa, atajifunza huku watu wanapiga honi getini.

Mwezi wa kwanza tulimwekea malengo matatu tu, na kila lengo ni kitu unachoweza kukiona kwa macho. Kuna meneja aliwahi kunionyesha mpango wake umeandikwa "awe mchapakazi na mbunifu", nikamuuliza sasa tarehe 30 utajuaje kama amekuwa? Akacheka. Sisi tuliandika hivi: ifikapo tarehe 30 Agosti aweze kunieleza bila karatasi safari ya gunia moja, kuanzia linaposhushwa getini, sampuli, mizani, kupangwa kwenye chaga, hadi stakabadhi inatoka. La pili, awe amekaa na kila mtu wa timu yake, walikuwa 9, mmoja mmoja, nusu saa, anauliza kazi yako inakwamia wapi na anaandika. La tatu, afanye mwenyewe kipimo cha ubora mara 10, kwa sababu yeye alikuwa wa karatasi, hajawahi kushika kikatio.

Hilo la tatu watu wananibishia, wanasema msimamizi hakati korosho. Ni kweli hakati, lakini yeye ndo atasimama katikati pale karani wa chama cha msingi akisema mmenipunja. Kwahiyo tulimkalisha na mkaguzi, wakachukua kilo 1 kutoka sampuli ya msimu uliopita, wakahesabu punje, wakazikata zote, wakatenga nzima, zenye doa, tupu na zilizooza. Unapima kiini kizuri, na kile kilichoharibika kidogo unakihesabu nusu, unapata gramu, tuseme 272, unazidisha kwa 0.17637 inakuja kama paundi 48 kwa gunia la kilo 80. Mara ya kwanza alipata 51, mkaguzi akapata 48, sampuli ile ile! Kumbe alikuwa anapima zenye doa kama nzima, anazionea huruma. Ilipofika mara ya saba wakawa wanapishana chini ya paundi moja, hapo nikajua sasa anaweza kubishana na mtu.

Vikao vyangu na yeye mwezi ule vilikuwa kila Ijumaa, dakika 20, chini ya mwembe siyo ofisini, maswali yale yale matatu. Umejifunza nini ambacho hukukijua Ijumaa iliyopita? Nini kimekushinda? Unataka nini kutoka kwangu? Anaandika yeye kwenye daftari lake, siandiki mimi. Ile wiki ya pili swali la pili akajibu "hakuna". Mkisikia msimamizi mpya anasema hakuna kilichomshinda msifurahi, maana yake anakuogopa au hajaigusa kazi. Nikamwambia basi nianze mimi, nikamweleza ya magunia 14. Ijumaa iliyofuata alikuja na mambo manne.

Septemba ilikuwa ya ghala lenyewe, usafi, chaga, kupuliza dawa, watu wa Wakala wa Vipimo waje kukagua mizani, hayo yote aliyasimamia yeye na mimi napita tu, sina la kuongeza hapo. Ila kuna zoezi moja naomba mlichukue. Tulijaza magunia 40 mchanga, tukapakia kwenye fuso, tukalileta getini kama lori la kweli, na mimi nikajifanya karani wa chama, mkorofi. Lengo lilikuwa moja: mwisho wa zoezi, hesabu ya daftari na hesabu ya chaga zilingane.

Hazikulingana. Daftari 39, chaga 40. Tukakaa chini sote tukarudia pole pole hadi tukaona. Mpimaji anaita uzito kwa sauti, na kibarua anayehesabu naye anaita namba ya gunia kwa sauti, kwa wakati mmoja, karani anasikia mawili anaandika moja. Ndo hapo nikaona magunia yangu 14 yalivyozaliwa, ingawa ya kwangu yalizidi na haya yalipungua, mlango ni ule ule. Yule dada akaweka utaratibu wake: anaita mtu mmoja, karani anarudia kwa sauti alichosikia, ndo anaandika. Tukarudia zoezi mara mbili, ikawa 40 kwa 40. Mchanga haugharimu kitu jamani, na kosa lililofanyika kwenye mchanga halina mkulima analia nyuma yake.

Sasa Oktoba. Hapa ndo mipango mingi inakufa, na inakufa hivi: msimu ukianza meneja anasema vikao tutaendelea mambo yakitulia. Yatatulia Januari! Mimi nafanya kinyume, Oktoba nilibadilisha Ijumaa dakika 20 kuwa kila siku dakika 10, saa 12 na nusu asubuhi kabla ya geti kufunguliwa, tumesimama. Jana kimetokea nini, leo yanakuja magari mangapi, nani hayupo. Basi.

Wiki ya pili ya msimu nikafungua daftari la mapokezi. Mwandiko ule mzuri niliowaambia, nikauona. Kati ya kurasa 11 za wiki ile, 6 zimeandikwa na yeye. Msimamizi! Na magari yalikuwa yanatoka vizuri tu, hakuna aliyelalamika, kwahiyo kama ningeangalia matokeo peke yake ningesema anafanya vizuri. Mkitaka kujua kama aliyepandishwa cheo amehama kweli kutoka kazi ya zamani, tafuteni alama ya mkono wake, iwe mwandiko, iwe sahihi, iwe jina lake kwenye kila ujumbe wa wasapu.

Sikumgombeza. Nilimwonyesha kurasa nikamuuliza siku hizi ukiwa unaandika, nani alikuwa anaangalia chaga? Kimya. Baadaye akasema ukweli, karani aliyechukua nafasi yake ni mzee, amemzidi kama miaka 20, alikuwa anamwita mwanangu tangu aanze kazi, anaandika taratibu na yeye anaona aibu kumhimiza, anaona bora aandike mwenyewe. Mimi nikataka kumwambia wewe ndo bosi kamwambie. Nikajizuia, nikamuuliza ungeweza kumpanga wapi pengine? Akanijibu, "Mzee wangu, zamu unapanga wewe."

Nilikaa kimya mimi sasa. Kweli bwana, nilimpa cheo, ratiba ya zamu nikabaki nayo mfukoni. Siku ile ile tukaandika karatasi moja ambayo ilitakiwa iwepo tarehe 1 Agosti, ina mafungu matatu. Anayoamua peke yake: zamu, nani akae wapi, kusimamisha mzigo ambao unyevu umezidi asilimia 10. Anayoamua kisha ananiambia jioni: kurudia sampuli wakibishana, mradi mtu wa chama awepo. Anayoniuliza kwanza: kurudisha lori lilikotoka. Nikaisoma mbele ya timu nzima asubuhi, maana mamlaka ambayo timu haijayasikia kutoka kwako hayapo. Yule mzee akahamia chaga, kumbe kwa kuhesabu chaga hana mpinzani, na yule dada alipokwenda kumwambia alianza na "baba, shikamoo, naomba unisaidie kule", tena wakiwa wawili tu kabla ya geti. Wiki iliyofuata mwandiko wa dada ulikuwa kwenye ukurasa mmoja tu.

Hatua ya mwisho ya mpango ilikuwa mimi kutokuwepo siku tatu. Nikaenda Lindi, simu nikamwachia mke wangu, nikamwambia asinipe hata wakilia. Nilivyorudi nikakuta ripoti yake: magari 9, mzigo mmoja umesimamishwa umeanikwa upya, na kosa moja, stakabadhi ilitoka na jina la chama kingine, wameligundua jioni wamelirekebisha, na ameandika nani alikosea: yeye.

(Hapa kaka mmoja kutoka Masasi akauliza: na kama siku 90 zikiisha hajaiva?)

Swali zuri kaka. Mimi naongeza siku 30 lakini kwa lengo moja tu lililobaki, siyo kurudia yote. Zikiisha bado, anarudi kwenye kazi yake ya zamani na mshahara wake wa zamani, na hili nalisema siku ya kwanza kabisa, mbele yake, kabla hajapokea funguo. Nimeshamrudisha mmoja. Yupo mizani hadi leo, na msimu uliopita ndo niliyempa kazi ya kumfundisha mpimaji mpya.

Haya, chai imeshafika naona mnaangalia mlango.