Mayai ya Kukaanga: Ute Ule Unaobaki Mbichi Kando ya Kiini

ZUENA: Karibuni kwenye kipindi. Leo ni yai la kukaanga, lile lisilokorogwa, kuanzia mayai macho ambayo kiini kiko wazi na kinatiririka, hadi yai lililogeuzwa likaiva lote. Kaka Jabiri, tuanze na lalamiko la kila siku: pembeni yai limeshakauka, lakini ute unaozunguka kiini bado unatetemeka.

JABIRI: Tukilielewa hilo, mitindo yote itaeleweka. Ukivunja yai kwenye sahani utaona ute wa aina mbili. Kuna mwepesi, unaokimbilia pembeni, na kuna mzito, unaobaki umekusanyika kuzunguka kiini. Ule mwepesi hutandaa juu ya chuma na kuiva haraka. Ule mzito umeinuka, kwa hiyo moto wa chini unaufikia mwishoni.

ZUENA: Na ute ndio unaotaka joto zaidi kuliko kiini.

JABIRI: Ndiyo, hapo ndipo penye kazi. Ute huanza kuganda karibu nyuzi 62 za Selsiasi, lakini protini iliyo nyingi zaidi ndani yake haikazi mpaka ufike karibu nyuzi 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 na huganda karibu 70. Kwa hiyo tunataka sehemu ya juu ya ute ipate joto kubwa, huku kiini kilicho katikati yake kikipata dogo. Kila mtindo ni njia yake ya kupeleka joto huko juu.

ZUENA: Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho: yai moja la kawaida ambalo halijatoka kwenye friji, frampeni ya sentimita 20 isiyonata, na jiko la gesi. Tuanze na mayai macho ya moto mdogo.

JABIRI: Weka siagi kijiko kimoja cha chai kwenye frampeni ingali baridi, kisha washa moto mdogo. Siagi ndiyo kipimajoto chako. Ina maji ndani yake, kama asilimia 16 hivi, na maji hayo yakianza kuchemka utaona povu dogo na kusikia mchemko mwepesi. Povu likianza kutulia na siagi bado ni ya njano, frampeni imepita kidogo nyuzi 100, labda imefika 120. Tia yai hapo.

ZUENA: Na siagi ikiwa na rangi ya kahawia?

JABIRI: Umepita nyuzi 140 au zaidi. Kwa mtindo huu ni moto mwingi mno. Iondoe jikoni, ipoe kidogo. Yai likiingia linatakiwa litoe sauti ndogo sana. Ukisikia linapasuka na kurusha mafuta, punguza moto papo hapo.

ZUENA: Wengi wanalivunjia yai juu ya frampeni moja kwa moja.

JABIRI: Livunjie kwanza kwenye kibakuli, kisha ulimimine kibakuli kikiwa karibu kugusa frampeni. Kiini hakipasuki, ganda unaliona, na kama yai limeharibika unajua kabla halijagusa siagi yako. Jambo jingine: yai likiwa la siku nyingi, ute wake mzito unalegea na sehemu kubwa inakuwa majimaji, ndiyo maana linatandaa frampeni nzima. Kwa mayai macho tafuta yai jipya.

ZUENA: Limeshaingia. Dakika ngapi?

JABIRI: Dakika 4 hadi 5, bila mfuniko. Dakika ya kwanza usiliguse. Ute wa pembeni ukishakuwa mweupe, chukua ncha ya mwiko bapa uchane taratibu ule ute mzito, kama sentimita moja kutoka kwenye kiini. Utaona unafunguka na kumwagika chini juu ya sehemu iliyoiva. Sasa nao umegusa joto, na unaiva pamoja na wenzake. Ni hatua ndogo, na ndiyo inayotofautisha ute laini ulioiva wote na ule unaoteleza mdomoni.

ZUENA: Hiyo naisisitiza, kwa sababu wengi wakiona ute umebaki mbichi wanaongeza moto.

JABIRI: Na moto ukiongezwa unaongezeka chini tu. Protini za chini zinakaza kupita kiasi, zinakamua maji yaliyomo, ute unakuwa mgumu kutafuna. Juu hakujabadilika kitu.

ZUENA: Kwa asiyetaka kusubiri dakika 5, kuna mfuniko.

JABIRI: Anza vilevile, siagi kijiko cha chai, moto mdogo kuelekea wa kati. Baada ya dakika moja, ute wa pembeni ukiwa mweupe, tia maji kijiko kimoja cha chai kwenye ukingo wa frampeni, mbali na yai, kisha funika. Maji yanageuka mvuke, na mvuke unaivisha ute kutoka juu. Subiri dakika moja hadi moja na nusu. Kiini bado kitatiririka.

ZUENA: Ila kitabadilika rangi.

JABIRI: Ndiyo, kwa sababu juu ya kiini kuna utando mwembamba wa ute. Mvuke unauivisha na unakuwa mweupe. Anayetaka kiini cha njano inayong'aa asifunike. Na asiyependa kabisa kuona ute mbichi, mfuniko ndio unaomfaa. Ukisahau ukafika dakika 3 chini ya mfuniko, kiini kimeshaanza kuganda, hata kama kwa nje huoni tofauti.

ZUENA: Twende kwenye yai lenye kingo za kahawia zinazovunjika kwa meno. Hapa siagi tunaiacha?

JABIRI: Tunaiacha. Yale mabaki ya maziwa ndani ya siagi yataungua kabla mafuta hayajafika tunapotaka. Samli safi inafaa, kwa kuwa maji na mabaki hayo yameshatolewa. Mafuta ya alizeti yanafaa pia. Weka vijiko viwili vya chakula, moto wa kati kuelekea mkubwa. Na hapa chukua frampeni ya chuma, kwa sababu ile isiyonata haipendi moto mkali.

ZUENA: Chuma si kinashika yai?

JABIRI: Kinashika kikiwa hakijapata moto. Ute ukiingia kwenye chuma cha uvuguvugu unapata muda wa kujibana nacho kabla haujaganda. Chuma kikiwa cha moto na kina mafuta ya kutosha, ute unaganda mara moja na mvuke wake unauinua. Ili kujua, kabla ya kutia mafuta dondosha tone moja la maji. Likikaa na kuchemka polepole, bado. Likilia na kukauka ndani ya sekunde mbili, tia mafuta. Likikimbiakimbia kama shanga, frampeni imezidi, ipumzishe.

ZUENA: Na tone hilo ni kabla ya mafuta, tuelewane. Maji kwenye mafuta ya moto yanaruka usoni.

JABIRI: Hasa. Ndiyo maana pia yai lisiwe na maji maji ya kuoshea ganda. Mafuta yakianza kumeremeta na kutembea kwa wepesi ukiinamisha frampeni, yako karibu nyuzi 180. Yakitoa moshi yamepita. Tia yai kwa upande ulio mbali nawe. Litavimba na kupiga kelele, na safari hii kelele ndiyo tunayoitaka. Sasa inamisha frampeni, mafuta yajikusanye upande mmoja, uyachote kwa kijiko na kuyamwagia juu ya ute, hasa ule mzito. Mara nne, tano. Kiini kipishe.

ZUENA: Kwa hiyo kazi ya mvuke sasa inafanywa na mafuta.

JABIRI: Na kwa haraka kubwa. Yai lote ni dakika moja hadi moja na nusu. Usipolimwagia mafuta, utakuwa na kingo zilizoungua na ute mbichi katikati. Ukikimwagia kiini, kinapata ngozi na kuanza kuganda. Likiiva liinue kwa mwiko wenye matundu, lichuje mafuta sekunde chache kabla ya kuliweka sahanini.

ZUENA: Kwa anayetumia jiko la mkaa?

JABIRI: Mtindo huu unaupenda mkaa uliokolea. Ule wa kwanza, wa siagi, usubiri mkaa uingie majivu, au uinue frampeni kila ukisikia sauti inapanda. Kwenye mkaa mkono wako ndio swichi.

ZUENA: Tugeuze yai sasa.

JABIRI: Frampeni isiyonata tena, mafuta au siagi vijiko viwili vya chai, moto wa kati, karibu nyuzi 140 au 150. Siagi inakuwa imemaliza povu na inakaribia kubadilika rangi. Acha dakika 2 upande wa kwanza. Usigeuze kabla yai halijateleza lenyewe ukitikisa frampeni. Likiwa bado limeshika sehemu moja, ukilazimisha utachana kiini.

ZUENA: Na mwiko unaingiaje?

JABIRI: Upitishe wote chini ya kiini, si chini ya ute. Kisha usilirushe, lilaze: ukingo wa mwiko ukaribie frampeni, yai lijigeuze kwa umbali mdogo. Hapo upande wa pili unahesabiwa kwa sekunde. Sekunde 20 hadi 30, ute umeiva na kiini kinatiririka. Dakika moja, kiini ni kizito kama uji, kinasogea bila kukimbia. Bonyeza kidogo katikati kwa kidole au mgongo wa kijiko: kikibonyea na kutikisika ni majimaji, kikirudisha kwa ukaidi kinaelekea kuganda.

ZUENA: Na lile lililoiva kabisa? Kuna wanaolihitaji hivyo: mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa. Kiini kibichi kinaweza kubeba bakteria wa salmonela.

JABIRI: Kwao kiini kifike nyuzi 71, maana yake kimeganda chote. Hapa watu wanakosea kwa kuliacha yai zima likaange muda mrefu. Kiini kizima ni kinene, ute unakauka kabla joto halijafika katikati yake. Kitoboe. Mara tu baada ya kulitia yai, choma kiini kwa ncha ya uma kisambae kiwe chembamba. Kaanga dakika 2 upande wa kwanza, geuza, punguza moto, dakika moja na nusu hadi 2 upande wa pili. Kata katikati uangalie: usione sehemu inayong'aa kwa umajimaji.

ZUENA: Chumvi lini?

JABIRI: Mwishoni, kwa yote yenye kiini wazi. Chumvi ikikaa juu ya kiini kwa dakika kadhaa inaacha madoa meupe. Yai lililotobolewa unaweza kulitia mapema.

ZUENA: Na ukiwa na familia, mayai manne kwa mpigo?

JABIRI: Frampeni ya sentimita 20 inabeba mawili. Kwa manne tafuta ya sentimita 28 au 30, na uyavunje yote kwenye vibakuli kabla ya kuwasha jiko, la sivyo la kwanza litakuwa limeiva la nne linaingia. Manne yanapoza frampeni, kwa hiyo sauti itashuka. Ongeza moto kidogo kwa nusu dakika ya kwanza, ikirudi punguza. Kama yametoka kwenye friji, ongeza nusu dakika nyingine kwa moto mdogo. Na yale ya kuteleza yatangulie sahanini, yule anayetaka lililoiva lake libaki jikoni.