Dawa ghali zaidi, tuichukue? Hesabu ya artesuneti na kwinini

Karibuni tena. Mimi ni mfamasia, na leo tunapiga hesabu ninayoipenda kuliko zote kwenye kikao cha kamati ya dawa. Chukua karatasi, gawanya safu mbili: kwinini huku, artesuneti kule. Mfano wetu ni watoto wenye malaria kali.

Kwanza, gharama. Usiandike bei ya kichupa peke yake! Kwinini inataka dripu ya saa kadhaa, kila baada ya saa 8, na muuguzi wa kuichunga. Artesuneti ni sindano tu. Na hesabu vichupa vizima: mtoto wa kilo 10 anachomwa miligramu 30, kichupa kikiwa cha 60, inayobaki inamwagwa. Ukijumlisha yote, katika baadhi ya vituo vya AQUAMAT, utafiti uliolinganisha dawa hizi mbili katika nchi 9 za Afrika, kila mtoto aligharimu wastani wa dola 63.5 kwa kwinini na 66.5 kwa artesuneti.

Pili, faida. Vifo katika utafiti huo mzima: kwinini asilimia 10.9, artesuneti 8.5. Tuseme watoto 1,000: vifo 109 dhidi ya 85.

Tatu, na hapa twende polepole. Usigawe gharama ya kila dawa kwa idadi ya waliopona kwa dawa hiyo! Tazama nikifanya hivyo: kwa watoto wetu 1,000, dola 63,500 za kwinini gawa kwa waliopona 891 ni dola 71.3, na 66,500 za artesuneti gawa kwa 915 ni 72.7. Kwinini inaonekana bora, na watoto 24 wamepotea ndani ya hesabu. Niliwahi kupeleka jedwali la namna hiyo kikaoni, daktari wa watoto akaniuliza, "Hao 24 wako wapi?" Sikuwa na jibu.

Gawa tofauti kwa tofauti. Narudia: tofauti kwa tofauti. Gharama iliyoongezeka ni dola 3,000, vifo vilivyoepukwa ni 24. Kila kifo kimoja kinaepukwa kwa dola 125 hivi. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mezani.

Nne, itikise namba hiyo uone kama inasimama. Badala ya 3, weka tofauti ya dola 6 kwa mtoto: unapata 250. Bado ningeinua mkono kuunga. Lakini ikiwa kwenu vifo havitofautiani kiasi hicho, labda kwa sababu watoto wanafika wamechelewa mno, namba itapanda haraka, kwa hiyo jaribu pia vifo 12 badala ya 24.

Mwisho, bajeti, ambayo ni swali jingine kabisa. Hospitali ya watoto 400 kwa mwaka inahitaji dola 1,200 za ziada. Dawa inaweza kustahili gharama yake na bado fungu likakosa fedha hizo, basi mweleze mhasibu mapema zitoke wapi, kabla kikao hakijapiga kura.