Fakitire ya mwaka mmoja, gharama ya siku kwa siku

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wahasibu vijana na wenye biashara ndogo, ukaandikwa jinsi ulivyosemwa)

Hamjambo, wababa, wamama na ndugu zangu. Asanteni kwa kufika na jua hili.

Leo nitashika fakitire moja tu. Ni ya asiransi ya lori, lori la kubeba mizigo kati ya hapa Lubumbashi na Kasumbalesa. Imefika kwa barua pepe, PDF ya ukurasa mmoja, dola 2,190. Mwenye lori, mzee mmoja niliyemfanyia hesabu zamani, aliilipa yote mara moja katikati ya Septemba 2024. Mimi nikaiandika yote katika Septemba, kwenye hesabu 625 ya gharama za asiransi, nikafunga mwezi. Siku chache baadaye mzee akaja ofisini, karatasi ya matokeo mkononi. Septemba ilionyesha hasara ya dola 1,300. Akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hili lori linanila. Niliuze?"

Lori halikuwa linamla. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeibebesha Septemba asiransi ya mwaka mzima. Sehemu iliyoihusu Septemba ilikuwa dola 96, na zile 2,094 zilizobaki zilikuwa za miezi iliyokuwa bado kufika. Ukizirudisha mahali pake, mwezi ule unatoka kwenye hasara ya 1,300 na kuingia kwenye faida ya 794. Mtu alikaribia kuuza lori zima kwa sababu ya mstari mmoja wa daftari.

Sasa hiyo 96 inatoka wapi? Inatoka kwenye tarehe, na kazi yote ya leo iko hapo. Kugawanya ni hesabu ya shule ya msingi. Kujua unagawanya kuanzia siku gani hadi siku gani, hapo ndipo watu wanaanguka.

Fungueni fakitire ile kwenye skrini. Ina tarehe nne. Ya kwanza, juu kulia, ni siku fakitire ilipotolewa: 10/09/2024. Ya pili iko karibu na jumla ya pesa, imeandikwa `Échéance : 25/09/2024`. Ya tatu na ya nne zimefichwa katikati, ndani ya maelezo ya mkataba, kwa herufi ndogo: `Effet : 15/09/2024` na `Échéance : 14/09/2025`.

Mmeona neno moja limetokea mara mbili? Hilo neno esheansi lina maana mbili. Likikaa karibu na pesa, ni siku ya mwisho ya kulipa. Likikaa karibu na mkataba, ni siku ulinzi unapokwisha. Nimeona daftari ambamo asiransi ya mwaka ilimalizwa yote ndani ya siku kumi, kwa sababu aliyeingiza tarehe alichukua esheansi ya juu. Na hilo ni rahisi kulikamata: toa tarehe ya mwanzo kwenye ya mwisho, ongeza 1. Fakitire ya mwaka lazima ikupe 365, au 366 kama kuna tarehe 29 Februari katikati. Ikikupa 11, 350 au 731, usiendelee. Rudi kwenye karatasi.

Ikikupa 366 na 29 Februari haimo, kuna jambo jingine. Mikataba mingine inaandika kutoka 15/09/2024 hadi 15/09/2025. Siku ile ya mwisho haihesabiwi, kwa sababu ulinzi unakatika saa sita ya usiku inapoanza. Tafuta saa iliyoandikwa kwenye mkataba wenyewe, au chukua mkataba wa mwaka uliopita: kama wa zamani unakwisha tarehe 15 na mpya unaanza tarehe ileile 15, basi siku hiyo ni ya mkataba mpya peke yake. Siku moja ya ziada si pesa nyingi kwa lori moja, nakubali. Lakini ukiwa na malori ishirini na kila mwaka unapishana kwa siku moja, miezi ya mpaka itabeba gharama mara mbili, nawe utatafuta tofauti usiku kucha.

Fakitire za abonema za programu, zile zinazotoka nje, zina mtego wao. Zile za Marekani zinaweka mwezi mbele ya siku. `09/10/2024` kwetu ni tarehe 9 Oktoba. Kwao ni tarehe 10 Septemba. Angalieni kama kwenye fakitire ileile kuna tarehe nyingine yenye namba inayozidi 12, kwa mfano `09/28/2024`. Hakuna mwezi wa 28, basi umeshajua wanaandika vipi. Tena kipindi cha abonema mara nyingi kiko kwenye mstari wa bidhaa, chini ya jina la programu. Tarehe ya juu inakuambia tu siku waliyokutoza. Na mkiongeza watumiaji katikati ya mwaka, fakitire ya pili itakuwa na kipindi kifupi kinachoishia siku ileile kama cha kwanza. Hiyo ipewe mstari wake peke yake, na msiipe miezi kumi na miwili.

Turudi kwa lori. Siku 365, dola 2,190: dola 6 kwa siku. Septemba ina siku 16 ndani ya ulinzi, kuanzia tarehe 15 hadi 30, hiyo ndiyo 96. Oktoba 186, Novemba 180, Desemba 186. Mwaka 2024 unabeba siku 108, dola 648. Siku 257 zinabaki kwa 2025, dola 1,542.

Kuna wanaogawanya kwa kumi na mbili, 182.50 kila mwezi, na Septemba wanaipa nusu. Sina ugomvi nao, mradi waifanye hivyo kila mwaka bila kubadili. Mimi napenda siku, kwa sababu mkataba ukikatwa katikati ya mwezi, jibu liko tayari.

Kwenye Excel yetu ya Kifaransa, weka mwanzo kwenye B2, mwisho kwenye C2, kiasi kwenye D2, na kwenye mstari wa kwanza, kuanzia F1, siku ya mwisho ya kila mwezi. Idadi ya siku za kila mwezi inapatikana hivi:

```
=MAX(0;MIN($C2;F$1)-MAX($B2;FIN.MOIS(F$1;-1)+1)+1)
```

Maana yake ni kwamba chukua ile inayotangulia kati ya mwisho wa ulinzi na mwisho wa mwezi, toa ile inayochelewa kati ya mwanzo wa ulinzi na tarehe 1, ongeza siku moja, na ukipata chini ya sifuri, weka sifuri. Jumla ya mstari lazima iwe sawa na `=$C2-$B2+1`. Pesa zisipogawanyika vizuri kama hizi zetu, mwezi wa mwisho uchukue salio lililobaki, ili hesabu ifike sifuri kamili.

Kuandika kwenyewe hakuna maneno mengi. Sisi tuko ndani ya OHADA tangu 2012, na mpango wake wa hesabu unatupa namba 476 kwa gharama zilizoandikwa kabla ya wakati wake. Unaiandika fakitire yote kwenye 625, na unapofunga mwezi unahamisha sehemu ambayo bado haijatumika: debiti 476, krediti 625. Tarehe 1 ya mwezi unaofuata unageuza maandishi hayo, kisha mwisho wa mwezi unahamisha tena kilichobaki. Anayefunga mara moja tu kwa mwaka atafanya hivyo tarehe 31 Desemba peke yake, kwa 1,542 yetu. TVA mtakayoirudishiwa haiingii kwenye mgawanyo, maana si gharama yenu. Kodi isiyorudishwa inafuata kiasi cha asiransi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hapa kwetu linaumiza kuliko yote: dola na franka. Fakitire ni ya dola, daftari ni la franka. Tuseme siku ya fakitire dola 1 ilikuwa franka 2,800. Asiransi yote ni franka 6,132,000, na kila siku ni 16,800. Tarehe 31 Desemba zimebaki siku 257, yaani franka 4,317,600. Kiwango kikiwa kimepanda au kimeshuka siku hiyo, vijana wengi wanachukua zile dola 1,542 na kuzigeuza upya kwa kiwango cha Desemba. Msifanye hivyo! Ndani ya 476 hakuna dola. Mle kuna siku za ulinzi ulizokwisha kununua, na bei uliyozinunulia haibadiliki tena. Kinachopimwa upya ni deni: kama fakitire bado hujailipa, ile 401 ya mtoaji inafuata kiwango cha siku ya kufunga, kwa sababu hizo ni dola utakazozitoa kweli. Fakitire moja, pande mbili, na kila upande una sheria yake.

Mama mmoja pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: na mtu akiuza lori kabla mwaka haujaisha?

Swali zuri, mama. Tuseme mzee ameliuza mwisho wa Machi 2025. Kuanzia 1 Aprili hadi 14 Septemba ni siku 167, dola 1,002 zimelala kwenye 476. Ulizeni kwanza mkataba umekwenda wapi. Kama kampuni ya asiransi imeuhamishia lori jingine la mzee kwa karatasi ya nyongeza, mgawanyo unaendelea bila kuguswa, ila unabadili jina la lori kwenye mstari wako. Kama mkataba umekatwa na hawarudishi kitu, 1,002 zote zinashuka kuwa gharama ya Machi, hata kama zinauma. Na kama wamekubali kurudisha sehemu, subirini karatasi yao iliyoandikwa; msikadirie wenyewe kwa kuhesabu siku, kwa sababu wanaweza kukata kiasi chao. Karatasi ikisema 700, basi 302 zinakuwa gharama ya Machi, na 700 zinatoka 476 kwenda kwenye hesabu ya wadaiwa. Hizo sasa ni dola mnazozidai kweli, na kuanzia siku hiyo zitafuata kiwango cha kila mwisho wa kipindi hadi pesa ziingie benki.